Jinsi ya kupima chati ya websoketi: mfuatano, kukatika, kurudi hewani na tiki

Mteja aliandika: "Nipo geti la kijani." Sekunde moja baadaye akajirekebisha: "Samahani, la bluu." Kwenye simu ya bodaboda zile jumbe mbili ziliingia kinyume, la bluu kwanza na la kijani baadaye. Bodaboda akasoma ujumbe wa mwisho, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akaenda kusimama geti la kijani. Simu ya mteja ilionyesha kila kitu sawa: mfuatano sahihi, tiki mbili kwenye kila ujumbe.

Niliyepitisha ile programu ya chati kwamba iko tayari ni mimi. Tulikuwa tumeipima kwa kufungua madirisha mawili kwenye laptopu moja, kwa mtandao wa ofisini, tukaandikiana "mambo" na "poa" mpaka tukaridhika. Hakuna aliyekata mtandao katikati ya ujumbe, wala aliyelinganisha simu mbili na kilichoandikwa kwenye databesi. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia tangu siku hiyo. Nimezipanga kwa utaratibu ninaozifanyia kazi, kwa sababu kila moja inasimama juu ya iliyotangulia.

## Hatua ya 1: Hakikisha kila ujumbe unatambulika

Kabla ya kujaribu chochote, fungua zana za msanidi kwenye kivinjari, nenda sehemu ya mtandao, chagua muunganisho wa websoketi, yaani ule unaobaki wazi ili simu na seva zitumiane jumbe wakati wowote, na usome ujumbe mmoja ulivyo. Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni kitambulisho kinachotengenezwa na simu ya mtumaji kabla ujumbe haujaondoka. Cha pili ni namba ya mfuatano inayotolewa na seva, inayoongezeka moja moja ndani ya kila mazungumzo.

```json
{"aina":"ujumbe","kitambulisho":"a7f3","maandishi":"la bluu"}
{"aina":"risiti","kitambulisho":"a7f3","namba":58}
```

Mstari wa kwanza unatoka kwenye simu, wa pili ni jibu la seva: nimeupokea, nimeuhifadhi, ni wa 58. Kama mfumo wako hauna kimojawapo kati ya hivi viwili, simama hapo uwaambie watengenezaji. Bila kitambulisho huwezi kujua kama ujumbe uliorudi ni uleule uliotumwa au ni mwingine wenye maneno yaleyale. Bila namba huwezi kusema kama kuna ujumbe umepotea katikati.

Halafu kaa na timu muandike, sentensi moja kwa kila alama, alama hiyo inashuhudia nini na shahidi ni nani. Watumiaji wetu wamezoea lugha ya WhatsApp: saa ndogo maana yake ujumbe bado uko kwenye simu yako, tiki moja umetoka, tiki mbili umefika kwenye simu ya mwenzako, na bluu, iliyoanza Novemba 2014, umesomwa. Shahidi wa tiki moja ni seva, baada ya kuhifadhi. Shahidi wa tiki mbili lazima awe simu ya mpokeaji yenyewe. Shahidi wa bluu ni simu ya mpokeaji mazungumzo yakiwa wazi mbele ya macho yake. Maandishi haya mafupi ndiyo utakayoyarudia kila timu ikibishana kama kitu ni kasoro au si kasoro.

## Hatua ya 2: Weka mtu wa kati

Kuzima waifai ya laptopu hakutoshi, kwa sababu mfumo wa kompyuta unaijulisha programu papo hapo kwamba mtandao umeondoka. Mtaani mambo hayaendi hivyo. Simu inaingia kwenye lifti au ghorofa la chini, na pande zote mbili zinaendelea kuamini kwamba muunganisho upo. Kwa hiyo tunahitaji kitu katikati ya simu na seva ambacho tunaweza kukiamuru kumeza data. Mimi natumia Toxiproxy, programu huria iliyotengenezwa na Shopify. Tuseme seva yako iko bandari 8000. Tengeneza njia mbili, moja ya Asha anayetuma na moja ya Baraka anayepokea:

```sh
toxiproxy-server &
toxiproxy-cli create -l localhost:8001 -u localhost:8000 asha
toxiproxy-cli create -l localhost:8002 -u localhost:8000 baraka
```

Programu ya Asha iunganishe na 8001, ya Baraka na 8002. Njia mbili ni za lazima, maana majaribio mengi yenye faida yanahitaji mmoja awe gizani huku mwenzake akiwa hewani.

Sasa unaweza kuleta kukatika kwa namna tatu, na inafaa uzitofautishe. Kuna kukatika kwa kuaga: upande mmoja unatuma fremu ya kufunga yenye namba ya sababu, kwa mfano 1000 ikiwa ni kawaida au 1001 ikiwa seva inazimwa. Kuna kukatika kwa ghafla: muunganisho wa TCP unavunjwa bila kuaga, na kivinjari kinaripoti 1006. Namba hiyo haisafiri kamwe kwenye mtandao. RFC 6455, waraka rasmi wa kanuni za websoketi, inakataza kuituma, na kivinjari ndicho kinachoiandika chenyewe kueleza kwamba hakuaga mtu. Ukiona mtengenezaji amemwandikia seva atume 1006, hiyo ni kasoro tayari.

Ya tatu ni kimya. Hakuna fremu, hakuna kuvunjika, data inamezwa tu:

```sh
toxiproxy-cli toxic add -n kimya -t timeout -a timeout=0 baraka
toxiproxy-cli toxic remove -n kimya baraka
```

Amri ya kwanza inameza kila kinachotoka kwa seva kwenda kwa Baraka. Ukiongeza `-u` inameza kinachotoka kwa Baraka kwenda kwa seva. Amri ya pili inaondoa kimya, na wakati huohuo inavunja muunganisho uliokuwa umekwama. Kama una muda wa kujaribu namna moja tu ya kukatika, jaribu kimya. Zile mbili za kwanza programu nyingi huzimudu kwa sababu zinajitangaza zenyewe.

## Hatua ya 3: Pima mfuatano

Websoketi inapita juu ya TCP, na TCP inalinda mfuatano ndani ya muunganisho mmoja. Watu wengi huishia hapo na kusema mfuatano hauwezi kuharibika. Unaharibika baada ya data kufika, ndani ya seva. Hivi ndivyo ilivyotokea kwenye kisa cha geti. Kila ujumbe uliingia kwenye kazi ya kuuchunguza kabla ya kuhifadhiwa, na kazi hizo zilikwenda sambamba. Uchunguzi wa ujumbe wa kwanza ulichelewa, wa pili ukapita haraka, ukahifadhiwa wa kwanza na kupewa namba ndogo. Simu ya mteja ilionyesha mfuatano wa kuandika, simu ya bodaboda ilionyesha mfuatano wa seva. Kila upande ulifuata kanuni yake.

Ukisubiri litokee lenyewe hutaliona. Lilazimishe. Mwombe mtengenezaji aweke ucheleweshaji unaowashwa wakati wa majaribio tu:

```js
if (process.env.JARIBIO && u.maandishi.startsWith("POLE"))
  await new Promise(r => setTimeout(r, 800));
```

Kisha tuma jumbe mbili mfululizo bila kusubiri risiti, ya kwanza ikianza na "POLE". Seva yenye kasoro itaupa wa pili namba ndogo kila mara, bila kubahatisha. Dawa yake ni seva kuwa na foleni moja kwa kila mazungumzo, ujumbe uchunguzwe na kuhifadhiwa kwa zamu. Ukishapita hapo, tuma jumbe 200 mfululizo, kila moja ikibeba hesabu yake kwenye maandishi, na linganisha orodha tatu: iliyo kwenye skrini ya Asha, iliyo kwenye databesi ikipangwa kwa `namba`, na iliyo kwenye skrini ya Baraka. Zikitofautiana popote, una kasoro, na namba ya kwanza iliyoachana na wenzake inakuonyesha pa kuanzia kutafuta.

Ila usidai zaidi ya kinachowezekana. Asha na Baraka wakiandika kwa wakati mmoja, hakuna mfuatano mmoja wa haki. Unachodai ni wote wawili waone mpangilio uleule mwishoni, na jumbe za mtu mmoja zisipishane zenyewe kwa zenyewe.

Jaribio jingine la mfuatano halihitaji zana yoyote. Rudisha saa ya simu moja nyuma dakika 10, kisha andikianeni. Ujumbe mpya wa simu hiyo ukiruka juu ya jumbe za zamani, programu inapanga kwa saa ya simu badala ya namba ya seva. Simu zenye saa mbovu ni nyingi kuliko tunavyodhani, hasa zile ambazo betri huisha kabisa mara kwa mara, kwa hiyo usiliruke jaribio hili.

## Hatua ya 4: Pima kukatika kimyakimya

Asha na Baraka wakiwa wameunganika, washa kimya kwa Baraka na uangalie saa. Swali ni moja: inachukua sekunde ngapi kabla simu ya Baraka haijagundua na kuandika "Inaunganisha…"? Na seva je?

Usitegemee mfumo wa kompyuta ukusaidie. Kwenye Linux, uchunguzi wa TCP wa kuona kama mwenzako yupo, hata ukiwashwa, unasubiri sekunde 7200 za ukimya kwa chaguo-msingi, yaani saa mbili. Data ambayo imetumwa bila kuthibitishwa nayo inarudiwa kwa takriban robo saa kabla muunganisho haujatangazwa kufa. Kwa chati, muda huo wote mtumiaji anaamini yuko hewani. Ndiyo maana programu yenyewe inapaswa kupiga hodi na kusubiri karibu, yaani kutuma ujumbe mdogo kila baada ya muda na kungoja upande wa pili ujibu. Mimi naanza na hodi kila sekunde 20 na kusubiri jibu sekunde 10, kwa hiyo kwenye jaribio nadai kimya kigundulike ndani ya sekunde 30, na naongeza sekunde chache za uvumilivu.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu. Websoketi ina fremu zake za hodi, ping na pong, lakini msimbo wa ukurasa ndani ya kivinjari hauwezi kutuma ping wala kuona pong. Kivinjari kinajibu ping za seva chenyewe, chinichini. Kwa hiyo ping za seva zinamsaidia seva peke yake kujua kwamba Baraka ameondoka. Ili ukurasa wa Baraka nao ujue kwamba seva imeondoka, unahitaji ujumbe wa hodi ulioandikwa kama ujumbe wa kawaida wa programu. Lifanye jaribio mara mbili, kimya cha kwenda na kimya cha kurudi, maana kila upande unagundua kwa njia yake na mara nyingi ni mmoja tu ulioandikwa vizuri.

Wakati kimya kimewashwa kwa Baraka upande wa kwenda, yaani kwa `-u`, andika ujumbe kutoka kwake. Utaona `ws.send()` inapita bila kosa, na `bufferedAmount` inarudi sifuri kana kwamba kila kitu kimefika. Data imekabidhiwa kwa mtandao, basi. Kama programu inaweka tiki moja hapo, umeikamata. Ujumbe unapaswa kubaki na saa ndogo mpaka risiti ya seva ije.

Kabla ya kuondoka hatua hii, acha chati wazi sekunde 70 bila mtu kuandika. Ukikatika karibu na sekunde ya 60 kila mara, mtazame nginx, programu inayopokea miunganisho mbele ya seva na kuipitisha: `proxy_read_timeout` yake ni sekunde 60 kwa chaguo-msingi, na seva isipotuma chochote kwa muda huo anafunga. Hodi na majibu ya kila sekunde 20 yanalitatua, mradi yanafika kweli.

## Hatua ya 5: Poteza risiti, si ujumbe

Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote, na ndilo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya kwa bahati. Ujumbe unafika kwa seva salama, lakini risiti inapotelea njiani ikirudi. Kwa mtazamo wa simu, hali hii haina tofauti yoyote na ujumbe uliopotea. Simu inalazimika kutuma tena, na hapo ndipo jumbe pacha huzaliwa.

Fuata nami kwa saa. Saa 4:14:00 asubuhi unawasha kimya kwenye njia ya Asha, upande wa kurudi peke yake:

```sh
toxiproxy-cli toxic add -n risiti -t timeout -a timeout=0 -d asha
```

Saa 4:14:03 Asha anaandika "Nimekutumia 10,000". Ujumbe una kitambulisho a7f3. Unapita, seva inauhifadhi kwa namba 58, inampelekea Baraka, na Baraka anausoma. Risiti ya Asha inamezwa. Skrini ya Asha bado ina saa ndogo, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Karibu saa 4:14:30 hodi ya Asha imekosa jibu, programu inafunga muunganisho na kujaribu upya.

Usiondoe kimya bado. Muunganisho mpya nao unapita njia ileile, kwa hiyo ombi lake linafika kwa seva lakini jibu la 101, la kukubali websoketi, linamezwa. Websoketi ya kivinjari haina sehemu ya kumwekea muda wa kusubiri wakati wa kuunganika. Kama mtengenezaji hakuweka saa yake mwenyewe, programu itabaki imekwama "Inaunganisha…" kwa muda mrefu bila kujaribu tena. Subiri dakika moja uone kama inakata tamaa na kuanza upya. Jaribio hili la nyongeza linapatikana bure, usiliache.

Sasa ondoa kimya. Asha anarudi hewani na kutuma tena a7f3. Seva nzuri inatambua kitambulisho, haihifadhi chochote kipya, na inajibu kwa risiti ileile: a7f3 ni namba 58. Saa ndogo inageuka tiki. Seva mbaya inaandika namba 59, na Baraka anaona "Nimekutumia 10,000" mara mbili. Yeye atadhani ametumiwa elfu ishirini. Hakikisha kwenye databesi, si kwa macho peke yake, kwa sababu baadhi ya programu huficha pacha kwenye skrini huku zikibaki zimehifadhiwa:

```sql
SELECT mtumaji, kitambulisho, COUNT(*) FROM ujumbe
GROUP BY mtumaji, kitambulisho HAVING COUNT(*) > 1;
```

Jibu sahihi ni safu sifuri. Na uzuiaji uwe ndani ya databesi kwa sharti la upekee juu ya `mtumaji` na `kitambulisho` kwa pamoja. Msimbo unaotazama kwanza kama kipo kisha unaandika utapitwa siku ambayo majaribio mawili ya kutuma yataingia kwa wakati mmoja.

Rudia zoezi zima, lakini safari hii iue programu ya Asha kabisa saa 4:14:10, kabla ya kuondoa kimya:

```sh
adb shell am force-stop com.mfano.chati
```

Ifungue tena. Ujumbe uwepo bado, na ukitumwa ubebe a7f3 ileile. Ukitoka na kitambulisho kipya, ina maana simu haikukihifadhi kabla ya kutuma, na pacha watapatikana kwa kila mtu ambaye programu yake hufungwa na mfumo kwa uhaba wa kumbukumbu.

## Hatua ya 6: Pima kurudi hewani

Simu inaporudi inapaswa kusema namba ya mwisho iliyonayo, tuseme 57, na seva impe kuanzia 58. Kupima hili wakati kila kitu kimetulia ni rahisi na hakufichui kitu. Kasoro ziko kwenye mpaka kati ya historia na jumbe mpya.

Seva nyingi hufanya hivi: inasoma historia kutoka databesi, inaituma, kisha inamsajili Baraka kupokea jumbe mpya. Ujumbe ukiingia baada ya kusoma historia na kabla ya kusajili, hauko kwenye historia na hautumwi kama mpya. Umepotea, na haurudi mpaka Baraka afungue programu upya. Weka ucheleweshaji wa sekunde 2 kati ya hatua hizo mbili, kama tulivyofanya kwenye mfuatano. Asha aendelee kutuma ujumbe mmoja kila nusu sekunde. Mkatie Baraka mtandao, mrudishe, subiri Asha amalize, kisha kagua namba kwenye simu ya Baraka. Lazima ziwe mfululizo bila pengo na bila kurudiwa. Mpangilio sahihi ni kusajili kwanza, kusoma historia baadaye, na kutupa zilizojirudia kwa kutazama namba.

Kuna kasoro nyingine ya kurudi ambayo inahitaji simu halisi. Zima waifai ya Baraka huku bando likiwa limewashwa. Simu inapata anwani mpya na kufungua muunganisho mpya ndani ya sekunde chache, lakini seva bado inashikilia ule wa zamani mpaka hodi yake ikose jibu. Baada ya sekunde 30 seva inaua wa zamani na, ikiwa imeandikwa kwa pupa, inamfuta Baraka mzima kwenye orodha ya walio hewani pamoja na muunganisho wake mpya. Kuanzia hapo Baraka anaweza kutuma lakini hapokei. Kwa hiyo baada ya kuhama mtandao usipime mara moja. Subiri dakika nzima, ndipo Asha aandike.

Kwa upande wa wingi, unganisha wateja 500 wa majaribio, izime seva na kuiwasha, kisha hesabu wangapi walirudi kila sekunde. Ikiwa logi inaanza kila mstari kwa tarehe kamili kama `2025-03-04T10:14:03`:

```sh
grep imeunganishwa seva.log | cut -c12-19 | sort | uniq -c
```

Ukiona karibu wote 500 wamerundikana kwenye sekunde moja, muda wa kusubiri hauna bahati nasibu ndani yake. Unapaswa kukua, 1, 2, 4, 8 mpaka kikomo kama 30, na kila simu iongeze au ipunguze kidogo kwa kubahatisha ili wasigonge mlango pamoja. Pia jaribu kumrudisha mtu ambaye kipindi chake cha kuingia kimekwisha. Seva imfunge kwa namba ya kwake yenyewe, namba 4000 hadi 4999 zimeachiwa programu kujiamulia, na simu imwombe aingie upya badala ya kugonga bila kikomo.

## Hatua ya 7: Hakikisha tiki inasema kweli

Washa kimya kwa Baraka peke yake. Asha atume ujumbe. Tiki moja itokee, kwa sababu seva imehifadhi. Tiki ya pili isitokee. Ikitokea, seva inaiweka pale inapoandika kwenye soketi ya Baraka, na kama tulivyoona, kuandika kwenye soketi si kufika. Kosa hili ndilo nililolikuta mara nyingi zaidi kwenye alama za kufika, na linaumiza kwa sababu Asha anaacha kupiga simu akidhani Baraka ameshaona.

Kisha geuza. Asha awe gizani, Baraka asome ujumbe aliotumiwa kabla. Mrudishe Asha baada ya dakika. Tiki zake lazima zigeuke bluu zenyewe bila kufungua mazungumzo upya. Programu nyingi huleta jumbe zilizokosekana na kusahau hali zilizobadilika, na ujumbe unabaki na tiki moja milele ilhali ulishajibiwa. Ukiona kwenye simu yako jibu la mwenzako chini ya ujumbe wako wenye tiki moja, ni kasoro hii.

Tiki pia isirudi nyuma. Tengeneza seva ndogo ya uongo, au tumia `page.routeWebSocket` ya Playwright, zana ya kuendesha kivinjari kwa majaribio, inayopatikana tangu toleo la 1.48, na upeleke taarifa kwa mpangilio mbaya makusudi: "imesomwa" kwanza, "imefika" baadaye. Bluu ibaki bluu. Ikirudi kijivu, programu inaandika hali ya mwisho iliyoingia badala ya hali ya juu kabisa iliyothibitishwa.

Kuhusu kusomwa, fungua mazungumzo ya Baraka kwenye kivinjari kisha uhamie kichupo kingine. Asha atume. Tiki ziwe mbili za kijivu. Zikiwa bluu, ukurasa hauangalii `document.visibilityState` kabla ya kutoa ushahidi. Kwenye kundi, amueni mapema na muandike: WhatsApp huonyesha tiki ya pili pale tu washiriki wote wanapokuwa wameupokea ujumbe, kwa hiyo mwanakikundi mmoja aliyezima simu anazuia tiki ya wote. Watumiaji watategemea hivyo hivyo hata kama ninyi mlikusudia vingine.

## Hatua ya 8: Lala na simu

Toxiproxy haigusi pakiti zenyewe, kwa hiyo mtandao mzito wenye kupoteza pakiti uige kwa `tc`. Linux inatosha, kwa mashine ileile ya majaribio:

```sh
sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 300ms 100ms loss 5%
sudo tc qdisc del dev lo root
```

Hapa hutarajii mfuatano uharibike, maana TCP inazipanga pakiti upya. Unatazama kama hodi inakosa subira na kukata muunganisho ambao ni mzima ila mzito. Programu ikiingia na kutoka "Inaunganisha…" kila dakika, sekunde 10 za kusubiri jibu hazitoshi kwa watumiaji wako, ongeza.

Mwisho, simu iliyolala. Tangu Android 6.0, mfumo unazizuia programu kutumia mtandao simu ikikaa muda mrefu bila kuguswa. Huna haja ya kusubiri usiku kucha. Chomoa chaja, zima skrini, kisha:

```sh
adb shell dumpsys deviceidle force-idle
```

Asha atume ujumbe na abaki na tiki moja. Tiki ya pili ije pale tu arifa ya mfumo inapoiamsha simu ya Baraka na programu ikathibitisha yenyewe. Ukimaliza andika `adb shell dumpsys deviceidle unforce`, washa skrini ya Baraka, na hesabu namba za jumbe zake mara moja zaidi, kuanzia ile ya mwisho aliyokuwa nayo kabla ya kulala.